Kata Maneno, Namba Iache

Mwaka unapokaribia kwisha na vikundi vya kuweka na kukopa vikijiandaa kugawana, steshenari za Kiboriloni hupokea kazi ya aina moja. Mwanachama aliyetumwa na wenzake anaingia na bahasha ya kaki, anatoa katiba ya kikundi na kumwambia binti wa kompyuta: "Dada, tupunguzie hii. Ndefu mno, hakuna anayeisoma." Binti anauliza zibaki kurasa ngapi. Jibu huwa linatokana na hesabu ya mfuko. Katiba ya kurasa 31, ukitoa kopi kwa wanachama 30 kwa shilingi 100 kila ukurasa, inakula shilingi 93,000. Ikiwa ya kurasa nne, ni shilingi 12,000 tu. Nani atabisha?

Mimi sibishi. Katiba nyingi za vikundi zimenakiliwa kutoka mifano iliyoletwa na miradi, na zimejaa maneno ambayo hata aliyeyaandika hakuyahitaji. Mama anayeuza mashati ya mitumba tangu asubuhi hadi jua linapozama hana muda wa kupitia kurasa 31 ili ajue atakopeshwa kiasi gani. Kupunguza ni haki yake.

Ninachobishia ni namna. Katiba hizi hazipunguzwi mara moja zikaisha. Mwaka huu kurasa 31 zinakuwa 18, mwakani 9, mwaka unaofuata 4, na kila awamu inaanzia pale ilipoishia iliyotangulia. Katika kila awamu namba za ibara zinapangwa upya "zikae vizuri", na vichwa viwili vitatu vinaunganishwa kuwa kimoja. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Msimamo wangu ni huu: maneno yakatwe kadiri wanachama wanavyotaka, lakini namba za ibara na vichwa vyake visiguswe mpaka siku katiba nzima itakapopitishwa upya na mkutano mkuu.

Namba inaishi nje ya katiba

Anayepunguza huwa na karatasi moja mbele yake, kwa hiyo anadhani ibara ya 16 ipo kwenye karatasi ile tu. Haipo hapo tu. Ipo kwenye fomu ya mkopo iliyochapwa nakala 200 na kufungiwa kabatini. Ipo kwenye daftari la mihtasari, ambako katibu ameandika kwamba fulani ametozwa "kwa ibara ya 16". Ipo kwenye barua ya onyo ambayo mwanachama amekunja na kuihifadhi ndani ya Biblia. Na ipo kwenye nakala iliyobaki halmashauri, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na kikundi kinapoomba kusajiliwa huwasilisha katiba yake.

Karatasi zote hizo hazibadiliki katiba inapobadilika. Zitaendelea kusema "ibara ya 16" hata kama ibara hiyo sasa inazungumzia jambo jingine kabisa. Mwaka 2022 tulibandikiwa namba za nyumba katika operesheni ya anwani za makazi. Jirani akibomoa nyumba yake, hakuna anayepita mtaani kumshushia kila mtu namba moja ili pengo lisionekane. Kiwanja kinabaki kitupu na namba yake, na mgeni wako bado anakufikia. Sasa kwa nini tufanye kinyume katika karatasi inayotunza akiba zetu?

Faini ilipogeuka rambirambi

Mfano ufuatao nimeutunga kutokana na katiba kadhaa za vikundi nilizozisoma, ili asitambulike mtu wala kikundi. Tuseme katiba ina ibara 42. Ibara ya 7 inahusu lugha ya vikao. Ibara ya 14 ni mikopo ya kawaida, ya 15 ni mkopo wa dharura, ya 16 ni faini ya kuchelewesha rejesho, na ya 17 ni msaada wa msiba na ugonjwa. Fomu ya mkopo ina sentensi moja ambayo kila mkopaji anaisaini: "Nakubali kutozwa faini kwa mujibu wa ibara ya 16 ya katiba."

Awamu ya kwanza ya kupunguza inaanza na vitu visivyo na utetezi, na ndivyo inavyopaswa. Lugha ya vikao nani asiyeijua? Ibara ya 7 inafutwa. Lakini kwa kuwa namba zilipangwa na kompyuta yenyewe, kila kilichokuwa chini yake kinapanda hatua moja. Faini sasa ni ibara ya 15. Ibara ya 16 imekuwa msaada wa msiba na ugonjwa.

Miezi inapita bila mtu kugundua, kwa sababu wote wanalipa. Halafu mmoja anakwama. Mzigo wa nguo aliofungua ulikuwa mbovu, marejesho matatu yamepita. Kamati inamwita, inamsomea deni na faini. Yeye, au zaidi shemeji yake aliyesoma kidogo, anaweka fomu mezani na katiba mpya pembeni yake na kuuliza: "Hapa nilisaini ibara ya 16. Ibara ya 16 inasema mwenye matatizo apewe msaada. Nyinyi mnanidai nini?"

Watu wanacheka, na mweka hazina anasema kila mtu anajua kilichokusudiwa. Ni kweli, kila aliyekuwepo anajua. Lakini mtendaji wa kata hakuwepo, na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akifikishiwa shauri hilo naye hakuwepo. Wao wana karatasi mbili zinazopingana, na aliyeziandaa zote mbili ni kikundi. Kwa nini mzigo wa utata uangukie kwa mkopaji? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi hiki daftari linalo. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya daftari na katiba.

Kosa linalonyamaza

Nimekaa nyuma ya kiti cha binti wa steshenari nikitazama kinachotokea kwenye kioo. Katika programu ya Word, ibara zikiwa zimepewa namba kwa kile kitufe cha orodha, namba si maandishi. Ni hesabu inayofanywa upya kila mara. Ukifuta aya yenye namba 7, iliyokuwa 8 inageuka 7 papo hapo, bila kuuliza, na mpaka mwisho wa katiba yote hujipanga. Mwandishi anafurahi kwa sababu ukurasa umenyooka.

Ila ndani ya maandishi kuna marejeo. Ibara ya 23 inasema "baada ya kukatwa faini iliyotajwa katika ibara ya 16". Hiyo "16" ilipigwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na kompyuta haijui kwamba inahusiana na ibara yoyote. Haitabadilika. Kwa hiyo kwenye katiba ileile, ndani ya dakika ileile, namba za pembeni zimehama na namba za ndani zimebaki. Hakuna alama nyekundu wala onyo lolote, na katiba ikichapwa inaonekana safi kuliko ilivyokuwa.

Wapo wanaojua zaidi kidogo, wanaoingiza marejeo kwa njia rasmi ya programu hiyo ili yafuate ibara inapohama. Hao wakichagua maandishi yote kwa Ctrl+A na kubonyeza F9, marejeo yanajisahihisha. Na kama ibara iliyotajwa imefutwa kabisa, mahali pake huchapwa sentensi ya Kiingereza:

```
Error! Reference source not found.
```

Nimeona nyaraka za watu wazima zikiwa na sentensi hiyo katikati ya ukurasa, na wasomaji wakaona ni uchafu. Mimi naiona ni neema. Angalau inapiga kelele. Inamwambia mwandishi kwamba amekata mguu wa meza ambao bado kuna kitu juu yake. Kosa la kutisha ni lile la kwanza, la namba sahihi kwa sura inayoelekeza mahali pasipo pake. Marejeo yanayotaja ibara isiyokuwepo mtu atayashtukia. Yanayotaja ibara iliyopo, lakini ya jambo jingine, hakuna atakayeyashtukia mpaka siku ya ugomvi.

Dawa ya kwanza ni ndogo na haina gharama: kabla hujakata hata neno moja, geuza namba ziwe maandishi ya kawaida. Ukinakili katiba yote kutoka Word na kuibandika kwenye Notepad, namba za orodha hubaki kama herufi zilizopigwa, hazihesabiwi tena. Utapoteza herufi nzito na mistari ya kupendezesha, lakini hayo yatarudi baadaye. Kuanzia hapo ukifuta ibara ya 7, ya 8 inabaki kuwa ya 8.

Sentensi moja, awamu tatu

Namba zikishalindwa, bado kuna vichwa. Na hapa wengi hawanielewi, wanaona kichwa ni mapambo. Tuitazame sentensi moja ikipita mikononi mwa watu watatu waaminifu.

Katiba ya mwanzo ilikuwa na ibara ya 21, "Kusimamishwa uanachama", ya 22, "Kufukuzwa uanachama", na ya 23, "Rufaa na marejesho ya hisa". Ibara ya 21 ilisema hivi: "Mwanachama atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa anaweza kusimamishwa na kamati kwa muda usiozidi siku 60, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza."

Aliyepunguza awamu ya kwanza aliandika: "Mwanachama atakayekosa vikao vitatu bila taarifa anaweza kusimamishwa na kamati." Si mbaya, utasema. Maana ya jumla ipo. Limeondoka neno "mfululizo", zimeondoka siku 60, na imeondoka nafasi ya kujieleza.

Wa awamu ya pili hakuisoma katiba ya mwanzo. Alipewa ile fupi. Akaandika: "Mwanachama akikosa vikao vitatu atasimamishwa." Sasa "bila taarifa" haipo, kwa hiyo hata aliyekuwa KCMC akimuuguza mtoto na akatuma salamu anahesabiwa. Na "anaweza" imekuwa lazima. Kamati haina tena nafasi ya kutumia busara.

Wa awamu ya tatu alikuta ibara tatu fupifupi zinazofanana, akaziunganisha chini ya kichwa kimoja, "Nidhamu". Akaandika: "Akikosa vikao vitatu atatolewa." Hakuwa na nia mbaya. Kusimamishwa, kufukuzwa, kutolewa, chini ya kichwa cha "Nidhamu" yote yanasikika sawa. Rufaa haikuonekana kuwa nidhamu, ikaachwa. Marejesho ya hisa nayo yakaenda na rufaa.

Ukiwauliza hawa watatu mmoja mmoja, kila mmoja atakuapia kwamba hakubadilisha maana. Na kwa alichokuwa nacho mkononi, kila mmoja anasema kweli. Lakini linganisha ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza inamlinda mwanachama aliyekosa vikao. Ya mwisho inamtoa nje bila kusikilizwa na haisemi hisa zake ziko wapi. Kwa nyumba ambayo ada ya shule ya Januari inategemea mgao wa Desemba, huo umbali ni mkubwa.

Je, vichwa vingebaki, ingekuwaje? Mwandishi wa tatu angekuta kichwa kinachosema "Kusimamishwa uanachama", na chini yake akaandika "atatolewa". Angejishtukia mwenyewe, kwa sababu kichwa na sentensi havipatani. Asingejishtukia, msomaji wa kwanza angemuuliza. Na ibara ya 23 ingebaki na kichwa chake, "Rufaa na marejesho ya hisa", hata kama chini yake pangekuwa na sentensi moja tu. Kama angeifuta yote, pangebaki kichwa kisicho na kitu, na wanachama 30 wangeuliza kitu hicho kimekwenda wapi. Kichwa kinamzuia mwandishi, na kikishindwa kumzuia kinamsema.

Ndiyo maana kuunganisha ibara ni hatari kuliko kufuta. Aliyefuta ameacha pengo linaloonekana. Aliyeunganisha amelifunika.

Ibara ya 10 haina kitu

Anayedhani hizi ni fikra za mtu wa mtaani, achukue Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na afungue ukurasa wa ibara ya 9, ile ya ujenzi wa nchi yenye Ujamaa na Kujitegemea. Inayofuata ni ibara ya 10. Haina kitu. Pana maelezo mafupi tu kwamba imefutwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 1992, sheria ileile iliyofungua mlango wa vyama vingi. Kisha inaendelea ibara ya 11, haki ya kufanya kazi na kupata elimu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Walioandika mabadiliko yale wangeweza kuipandisha ya 11 iwe ya 10, na ya 12 iwe ya 11, katiba ikanyooka. Hawakufanya hivyo. Miaka miwili kabla, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ametoa hukumu kuhusu mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo, na ndugu wakadai kwa mila mwanamke hana ruhusa hiyo. Jaji alisimamia ibara ya 13(4), inayokataza ubaguzi, akaamua kwamba mwanamke naye anaweza kuuza. Sisi wa Kilimanjaro, ambao kesi za vihamba ndizo habari zetu za kila Krismasi, tunajua uzito wa hukumu hiyo kwa mabinti wa familia.

Sasa fikiria namba zingepanda mwaka 1992. Ubaguzi ungehamia ibara ya 12, na binti anayekwenda mahakamani leo na kopi ya hukumu ya 1990 angeambiwa ibara ya 13 inazungumzia haki ya kuishi. Kwa kuwa pengo la ibara ya 10 liliachwa wazi, ibara ya 13(4) ya hukumu ile ndiyo ibara ya 13(4) ya leo.

Na inapobidi kuongeza, katiba hiyohiyo inatufundisha. Mwaka 2000 yalipoingizwa masharti kuhusu mamlaka ya utoaji haki na uhuru wa mahakama, yaliwekwa kama ibara ya 107A na 107B, katikati ya ya 107 na ya 108. Hakuna jirani aliyehamishwa. Wakenya wanalijua hili kwa machungu zaidi. Kifungu cha 2A kiliingizwa kwenye katiba yao mwaka 1982 kuifanya nchi iwe ya chama kimoja, kikafutwa Desemba 1991, na hadi leo mtu wa makamo akisikia "2A" hahitaji kuelezwa. Herufi moja pembeni ya namba ilitosha kukiingiza na kukitoa bila kugusa kifungu cha 2 wala cha 3.

Binti wa steshenari afanye nini

Najua mtu ataniuliza: sasa tufanyeje, tuendelee kubeba kurasa 31? Hapana. Hizo kurasa nne zinawezekana, na namba zote 42 zikawemo.

Kazi inaanza kwa kutoa mifupa. Katika karatasi moja, andika namba ya kila ibara na kichwa chake, bila maelezo. Karatasi hiyo isainiwe na mwenyekiti na katibu, na tangu hapo isiguswe katika awamu yoyote. Pembeni ya kila namba andika ni wapi kwingine inatajwa: fomu ya mkopo, barua ya onyo, ibara nyingine. Kwa kikundi cha kawaida ni kazi ya mchana mmoja, na mara nyingi utagundua ibara tano au sita tu ndizo zinazotajwa sana. Hizo ndizo za kuogopwa.

Kisha kata ndani ya kila ibara, kila moja kwa wakati wake. Ibara ya 7 ya lugha ya vikao ikionekana haina kazi, maneno yake yote yatoke, na mahali pake pabaki mstari mmoja: "7. Lugha ya vikao. Imefutwa na mkutano mkuu", na tarehe. Mstari mmoja hauongezi ukurasa. Ibara mbili zikilazimika kuunganishwa, maandishi yakae kwenye namba ya mwanzo, na ya pili ibaki na kichwa chake na maneno "Tazama ibara ya 14". Hivyo aliyeshika fomu ya zamani atafika, hata kama kwa kuzunguka.

Jambo la tatu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kila awamu ya kupunguza ianzie kwenye katiba ya mwanzo, ile ya kurasa 31, siyo kwenye ile iliyopunguzwa mwaka jana. Ya mwaka jana iwekwe pembeni kama msaada tu. Ule mlolongo wa "anaweza kusimamishwa" hadi "atatolewa" ulitokea kwa sababu kila mwandishi alipunguza kilichokwisha kupunguzwa, na makosa ya mmoja yakawa ukweli wa mwingine. Aliyeanzia mwanzo huenda naye akakosea, lakini atakosea mara moja.

Mwisho wa kila awamu, watu wawili wakae na karatasi mbili. Mmoja asome mifupa kwa sauti: "Ishirini na moja, kusimamishwa uanachama." Mwenzake aitafute kwenye katiba fupi na asome kilichopo chini yake. Wakifika mwisho, wachukue fomu ya mkopo na kuangalia kila namba iliyotajwa humo inafikia jambo lake. Kwa ibara 42 hii haizidi saa moja. Kwenye sentensi, wawe wakali kwa maneno madogo: "anaweza" na "lazima", "mfululizo", "bila", "isipokuwa", "usiozidi". Maneno haya ni mafupi na ndiyo ya kwanza kukatwa, na karibu kila haki ya mwanachama inaning'inia kwenye mojawapo.

Ataniambia mwingine kwamba katiba yenye "Imefutwa" nne au tano inaonekana kama nguo yenye viraka. Ni sawa, inaonekana hivyo. Kiboriloni hatuna haya ya nguo iliyotumika. Tunachoangalia ni kama mshono umeshika.

Siku ya kupanga namba upya

Sisemi namba ni takatifu milele. Ipo nyaraka ambayo bado ni rasimu, haijaanza kutumika, wala hakuna fomu inayoitaja. Hiyo namba zake zihame zinavyotaka. Tulishuhudia katika mchakato wa katiba mpya: rasimu ya kwanza Juni 2013, ya pili Desemba 2013, na Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kila moja na mpangilio wake wa ibara. Aliyetaka kujua jambo fulani limebadilikaje kutoka moja hadi nyingine ilimbidi alitafute kwa kichwa chake cha habari, kwa sababu kwa namba angepotea. Hata pale namba zilipokuwa huru, vichwa ndivyo vilivyomwongoza msomaji.

Na ipo siku hata katiba inayotumika inachoka. Namba zilizofutwa zinakuwa nyingi kuliko zilizobaki, herufi zinajazana pembeni, 14A, 14B, 14C. Siku hiyo mkutano mkuu ukae, upitishe katiba nzima kama mpya, na namba zianze upya kuanzia moja. Serikali nayo hufanya hivyo kwa sheria zake kwa vipindi, inazipanga na kuzitoa katika toleo la marekebisho. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ilivyopata jina la pili, Sura ya 114, na mawakili mpaka leo huyajua majina yote mawili.

Kwa kikundi, kupanga upya kunadai vitu viwili visivyokwepeka. Cha kwanza ni jedwali nyuma ya katiba mpya, lenye safu mbili: namba ya zamani na namba ya sasa. Ya 16 imekuwa ya 9. Ya 21 imekuwa ya 12. Ya 7 haipo tena. Jedwali hilo lipelekwe halmashauri pamoja na katiba mpya, ili afisa anayelinganisha na nakala ya usajili asilazimike kubahatisha. Cha pili ni fomu. Zilizobaki kabatini zisitolewe tena kwa mkopaji mpya, hata kama zilichapwa kwa gharama. Lakini zile ambazo watu wameshasaini haziwezi kubadilishwa kwa kalamu. Mkopo ulioanza chini ya katiba ya zamani unaendelea kusomwa kwa katiba ya zamani mpaka rejesho la mwisho. Kwa muda huo katibu anatunza katiba zote mbili, na kwenye daftari la mikopo, pembeni ya kila jina, anaandika ni ipi inayomhusu.